Neno Likishatoka: Isaka, Yakobo na Baba Mkubwa Wangu

NEEMA: Haya karibuni tena jamani, leo tuko wawili tu mimi na kaka Idi na hatuna mgeni, maana wiki iliyopita baada ya kuzima maiki Idi alinambia kitu nikamwambia hicho hukisemi hapa, hicho tunakirekodi. Kaka Idi, anza ulipoishia.

IDI: Sawa dada. Kwa kifupi ni kwamba nilivyokuwa na miaka ishirini na mbili nilipewa ada ya mdogo wangu niipeleke shule, sikuipeleka, nikaila. Na sio kwamba niliibiwa au nini, nilikula mwenyewe na mdogo wangu akakaa nyumbani muhula mzima. Sasa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akaita watu, akanikalisha katikati, hakupiga kelele hata kidogo, akasema "pesa itapita mikononi mwako kama maji, haitakaa." Akanyanyuka akaenda kuswali. Basi.

NEEMA: Na hakusema laana. Neno laana hakulitaja.

IDI: Hakulitaja, ila kila mtu mle ndani alijua amesema nini. Shangazi alishika mdomo. Mi nakwambia ule mkono wa shangazi mdomoni nimeuona miaka kumi na moja kila nikipoteza hela.

NEEMA: Hapo ndo nataka tuingie, kwa sababu kuna swali watu wanalikwepa. Mtu mwingine angekwambia maneno yaleyale barabarani usingeyakumbuka kesho yake. Kwa nini ya baba mkubwa yamekaa miaka kumi na moja?

IDI: Kwa sababu ni mkubwa wangu.

NEEMA: Ndiyo lakini tulichambue hilo. Kuna mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, J. L. Austin, mwaka 1955 alitoa mihadhara Chuo Kikuu cha Harvard, hoja yake ni kwamba kuna maneno hayaelezi kitu, yanafanya kitu. Mfungishaji ndoa akisema "nimewafungisha" haelezi kwamba kuna ndoa mahali, ndoa inatokea pale anaposema. Lakini lazima awe mtu mwenye mamlaka hayo, na wahusika wawe ndo wenyewe, na mazingira yawe yake. Mimi nikiwaendea watu wawili kituo cha basi nikawaambia nimewafungisha hakuna kilichotokea. Laana na baraka ziko kwenye kundi hilohilo, baba mkubwa hakutabiri kwamba utakosa pesa, alikuwa anakuweka mahali. Kama hakimu anavyosoma hukumu.

IDI: Ila hukumu ina rufaa. Neno la mzee tunaambiwa halirudi.

NEEMA: Eeh, na mfano wa wazi kuliko wote ni Isaka, Mwanzo 27. Mimi nimeisoma ile sura mara nyingi mno, na nadhani watu wengi wanaiachia njiani, hebu niruhusu niende taratibu.

IDI: Nenda.

NEEMA: Isaka ni mzee, macho hayaoni, anamwita Esau mwanawe wa kwanza anamwambia nenda kawinde uniletee chakula nile, nafsi yangu ikubariki kabla sijafa. Rebeka mkewe anasikia. Anamwita Yakobo, mdogo wake Esau, anapika wanambuzi wawili, anamvisha nguo za Esau, anamfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni maana Esau alikuwa na manyoya. Yakobo anaogopa, anasema baba akinipapasa nitajiletea laana badala ya mbaraka. Na mama anamjibu "laana yako na iwe juu yangu, mwanangu." Yaani kwa watu wale laana ilikuwa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukubebea, kama deni.

IDI: Subhanallah. Hiyo sikuwahi kuisikia hivo.

NEEMA: Sasa Isaka sio kwamba alidanganyika kirahisi, alipima. Kauliza umepata upesi namna gani, kamwambia sogea nikupapase, ndo akasema "sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Kauliza tena, wewe ndiwe Esau kweli? Kala, kanywa, kambusu, kanusa harufu ya nguo, ndo kasema. Umande wa mbinguni, nafaka, divai, uwe bwana wa ndugu zako. Yakobo anatoka, Esau huyo anaingia na chakula chake. Isaka anatetemeka tetemeko kubwa sana. Na anachosema ni kwamba nimeshambariki, naye atabarikiwa.

IDI: Hapo ndo huwa naumia. Si angesema tu jamani nimedanganywa, lile halihesabiki?

NEEMA: Ndo swali lenyewe. Kwa masharti ya yule Austin lingeweza kuitwa batili, mhusika hakuwa yeye. Lakini kwa Isaka neno halikwenda kwa jina, lilikwenda kwa kichwa kilichokuwa kimeinama mbele yake. Na Esau naye hakumwambia baba futa, angalia vizuri, aliomba lingine. Alilia akauliza kama baba ana mbaraka mmoja tu. Yaani Esau mwenyewe anajua neno halifutwi, dawa yake ni neno la pili. Na Isaka akampa la pili, gumu, utaishi kwa upanga, utamtumikia ndugu yako, ila mwishoni kaacha mlango, kwamba itafika siku utaivunja nira yake shingoni mwako.

IDI: Kwa hiyo hakurudisha, aliongezea.

NEEMA: Aliongezea. Na hapa sasa ndo watu wanafunga Biblia wakati sura ya 28 ndo yenye jibu. Isaka alidhani anakufa, wala hakufa, Yakobo alikaa kwa Labani mjomba wake miaka ishirini akarudi akamkuta baba yake bado yupo hai. Lakini kabla Yakobo hajaondoka kwenda huko, Isaka anamwita, safari hii anajua kabisa huyu ni Yakobo na anajua alichofanyiwa, na anambariki tena! Na humo hamna nafaka wala divai, humo ndo kuna mbaraka wa Ibrahimu, uzao na nchi. Kwa hiyo aliyoiba kwa ngozi ya mbuzi ilikuwa mali na ukubwa. Ile ya Ibrahimu alipewa ana kwa ana, baba akijua anambariki nani.

IDI: Aisee dada Neema. Na ule udanganyifu uliishia hewani?

NEEMA: Haukuishia hewani. Labani alimbadilishia bibi harusi usiku, asubuhi kakuta ni Lea, dada mkubwa wa Raheli aliyemtaka, mkubwa kwa mdogo, kilekile alichofanya yeye. Na uzeeni wanawe wakamletea kanzu ya Yusufu imechovywa damu ya mbuzi. Nguo na mbuzi, vilevile alivyomdanganyia baba yake. Na Rebeka aliyesema laana iwe juu yangu, baada ya Yakobo kuondoka hakuna mahali tunasoma alimwona tena mwanawe. Alafu Yakobo anapokutana na Esau, sura ya 33, anamsukumia zawadi ya mifugo, Esau anakataa, Yakobo anamng'ang'aniza apokee, na neno alilotumia kwa Kiebrania ni birkati, mbaraka wangu. Neno lilelile. Ni kama anamrudishia.

IDI: Unajua kwetu kuna hadithi ya Mtume kwamba dua tatu hazirudi, ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mwanawe. Na kuna nyingine inakataza kabisa kuwaombea mabaya watoto wako, isije ikaangukia saa ambayo dua inajibiwa. Hii ya pili mi naona wazazi wetu wangeambiwa zaidi, maana sisi watoto tunatishiwa sana na ile ya kwanza ila mzazi mwenye hasira haambiwi kwamba na yeye ameshika kitu cha moto.

NEEMA: Na kushika kitu cha moto hakumpi haki ya kumchoma yeyote. Mithali 26:2 inafananisha laana isiyo na sababu na shomoro na mbayuwayu wanaorukaruka, haimpigi mtu. Evans-Pritchard aliyeandika juu ya dini ya Wanuer wa Sudan Kusini, mwaka 1956, naye alieleza hivohivo, kwao laana inashika pale mlaani ana haki, pale amekosewa kweli. Kwa hiyo mzee anayekulaani kwa sababu umekataa kuolewa na mtu anayemtaka yeye, huyo anatumia jina la laana tu kama fimbo. La kujiuliza ni kama kuna mtu nimemdhulumu. Kama hakuna, hata wazee wa zamani wasingesema hapo kuna laana.

IDI: Kwangu alikuwepo. Mdogo wangu.

NEEMA: Kwako alikuwepo. Sasa niambie ukweli kaka, hela ilikuwa inapotea vipi?

IDI: Hapo ndo nimekuja kujielewa juzijuzi tu. Simu niliibiwa kweli, kazi moja iliisha kweli, hayo yanampata kila mtu. Lakini kingine ni mimi mwenyewe, nikipata hela nilikuwa naitoa haraka, nakopesha, nanunua, kwa sababu ndani nimeshajua itapotea tu, kwa hiyo bora niione imeenda wapi. Na miezi ambayo haikupotea sikuihesabu. Nilikuwa nahesabu ile iliyokwenda tu, kila ikienda naona mkono wa shangazi.

NEEMA: Mwanasosholojia Robert Merton aliandika juu ya hilo mwaka 1948, utabiri unaojitimiza wenyewe, mtu anaamini jambo, anaishi kwa kuliamini, na kuishi hivo ndo kunalileta. Mi siamini kwamba hiyo inamaliza kila kitu kwenye laana, ila kwenye pesa zako naona inafika mbali. Na niseme hapahapa, mtu akiumwa asikae anatafuta nani alimlaani, hospitali kwanza, upatanisho utafuata, vyote vinaweza kufanyika wiki moja.

IDI: Ndiyo kabisa, hilo tusilipite.

NEEMA: Malizia basi, ulirudi kwa baba mkubwa?

IDI: Nilirudi mwaka jana. Nimeenda nimejiandaa kuomba msamaha, nikapiga magoti, akaniangalia akasema mimi hukuniibia. Nenda kwa mwenye ada. Basi nikamlipa mdogo wangu, kwa miezi minne, na yeye ni mtu mzima ana watoto, alikuwa anakataa nikamwambia tafadhali pokea.

NEEMA: Kama Yakobo na Esau.

IDI: Ndo nimekumbuka uliposema birkati, nikanyamaza. Basi baada ya hapo baba mkubwa akasema niite walewale waliokuwepo siku ile, waliobaki hai. Akasema nililisema mbele ya watu, nitalitengua mbele ya watu. Shangazi alikuja, kazeeka. Mzee akavua kofia akaiweka gotini, akanishika mkono huu wa kulia akaufungua kiganja, akasema "kilichomwagika kimetosha, kuanzia leo ukishika kishike, radhi zangu unazo." Alafu akaufunga mkono wangu yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

NEEMA: Na ukajisikiaje?

IDI: Mabega yalishuka dada, nilikuwa sijui kwamba yamepanda. Na sasa hivi hela inakaa, sio nyingi, inakaa. Ila bado kuna usiku naamka saa nane nafungua simu naangalia salio, nikikuta lipo narudi kulala.