Simu Imejaa, Apdeti Inapiga Hodi

NEEMA: Ugonile msikilizaji, popote ulipo, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Mimi ni Neema. Fundi wetu Lusekelo kaingia sasa hivi, kajikunyata kwenye koti utadhani anatoka Kitulo.

LUSEKELO: Baridi hii si ya mchezo, dada. Halafu nilikuwa na mteja. Tena huyo mteja ndiye kipindi chenyewe cha leo, kaniruhusu nimsimulie ila jina nisitaje.

NEEMA: Haya, tuambie.

LUSEKELO: Ni mama anayeuza viazi Uyole, anapakia gari za kwenda Dar. Kaja kibandani kwangu pale Kabwe, akanambia, "Mwanangu, hii simu kila nikiwasha data inadai apdeti. Nikikubali, inasema nafasi haitoshi. Ninunue nyingine?" Simu ya giga 32, iliyobaki wazi ni giga 0.7.

NEEMA: Yaani imejaa mpaka kooni. Mimi ningemwambia aachane na hiyo apdeti, simu si inafanya kazi?

LUSEKELO: Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kabla hujaamua, soma inachokuletea. Apdeti ziko za aina mbili, na watu wanazichanganya. Kuna inayokuja na toleo jipya la Android, sura ya simu inabadilika, menyu zinahama. Na kuna ya usalama, ambayo haibadilishi chochote unachokiona, inaziba matundu tu. Ya mama ilikuwa hii ya pili.

NEEMA: Ulijuaje?

LUSEKELO: Tangazo lenyewe linaandika, ukilifungua badala ya kulifukuza. Halafu nikaingia `Settings`, `About phone`, `Android version`. Pale chini kuna `Android security update` na tarehe yake. Ya mama ilikuwa imepitwa na miezi 8. Sasa sikiliza: tangu 2015 Google wanatoa taarifa kila mwezi, hadharani, ya matundu yaliyozibwa kwenye Android. Taarifa hiyo anaisoma fundi, na mwizi naye anaisoma. Kwa hiyo simu iliyochelewa miezi 8 ni nyumba ambayo orodha ya madirisha yake mabovu imebandikwa mtaani. Na humo ndani mama ana pesa za viazi.

NEEMA: Kwa hiyo ya usalama ni kuweka tu.

LUSEKELO: Ya usalama siichelewi. Jioni ile ile au kesho yake. Ya toleo jipya ndiyo napenda kusubiri wiki mbili tatu, hasa simu ikiwa ndogo au ukiwa na kazi ya haraka. Chukulia wewe ni mwalimu, unafunga matokeo wiki hii, halafu simu ikuletee toleo jipya, apu ya benki igome kufunguka mpaka nayo ipate apdeti yake. Utamlilia nani? Na kurudi toleo la zamani si jambo la kubonyeza. Simu nyingi hazikubali, na zinazokubali zinafuta kila kitu kwanza.

NEEMA: Tena usalama wenyewe, kuna watu wanatumiwa ujumbe, "Bofya hapa uweke apdeti ya simu yako."

LUSEKELO: Huo ni wizi, usibofye. Apdeti ya simu inatoka ndani ya `Settings`, kwenye `Software update` au `System update`. Haiji kwa meseji.

NEEMA: Turudi kwa mama. Apdeti yenyewe ilikuwa na ukubwa gani?

LUSEKELO: Giga 1.9, lakini simu ilitaka nafasi ya giga 4.8.

NEEMA: Hesabu gani hiyo? Mzigo giga 2, unaomba nafasi ya giga 5?

LUSEKELO: Mama naye aliuliza hivyo hivyo, akadhani simu inamwibia. Chukulia umepanga chumba, na mwenye nyumba anataka kukirekebisha bila kukutoa. Anajenga kingine pembeni wewe ukiwa bado umelala kwenye cha zamani. Tofali na mchanga anamwaga uani kwako. Kikikamilika, unahamia. Simu nyingi za siku hizi ndivyo zinavyofanya: mfumo mpya unaandaliwa pembeni huku unapiga simu kama kawaida, na unahamia pale simu inapojizima na kuwaka. Ujenzi ukiharibika, unabaki kwenye chumba cha zamani. Ndiyo faida yake. Lakini uani pawe wazi. Kazi ikiisha tofali zinaondolewa, sehemu kubwa ya nafasi inarudi.

NEEMA: Na memori kadi? Watu watasema, mimi nina kadi ya giga 64.

LUSEKELO: Kadi haihesabiwi. Simu inataka nafasi ya ndani. Kadi inasaidia kuhamishia picha tu. Na hizi kadi za bei ya kutupa zilizoandikwa giga 512, usifute picha za kwenye simu kwanza: zihamishe, itoe kadi, irudishe, zifungue zote uone kama zinafunguka. Nyingine ni maandishi tu juu ya plastiki.

NEEMA: Mama alikuwa amejaribu kufuta vitu mwenyewe?

LUSEKELO: Alikuwa amefuta picha na video za shamba usiku kucha, karibu mia sita. Asubuhi akaangalia nafasi, haikuongezeka hata kidogo. Ndipo akaamua simu ni mbovu.

NEEMA: Kwa nini haikuongezeka?

LUSEKELO: Hazikufutika. Zilikwenda kwenye pipa la taka la simu. Ukifuta kwenye galari, simu inazitunza siku 30 hivi usije ukajuta. Zimetoka machoni, nafasi bado zinaikalia. Ingia kwenye galari, tafuta `Trash` au `Recycle bin`, pitia mara ya mwisho, halafu mwaga. Kwa mama pipa peke yake lilitoa giga 1.4. Tukawa na 2.1.

NEEMA: Hiyo mimi sikuijua, na nimeshafuta picha mara ngapi!

LUSEKELO: Kaangalie la kwako. Baada ya hapo tukaenda kunakoliwa nafasi kweli, WhatsApp. Usiingie kundi moja moja, utazeeka. Ingia `Settings` ya WhatsApp, `Storage and data`, `Manage storage`. Pale inakupangia yenyewe: vilivyozidi MB 5, na vilivyosambazwa mara nyingi. Mama yumo kwenye kikoba, kwaya, kamati za harusi tatu. Video za maombi, video za mtu anakimbizwa na ng'ombe, ile ile imekuja kutoka makundi manne. Tukaondoa giga 1.9.

NEEMA: Ng'ombe naye kala nafasi ya viazi.

LUSEKELO: Lakini pale kuwa makini, maana ukifutia huko ndani usitegemee pipa la kurudia. Mama alikuwa na picha za karatasi za mizani, gunia ngapi, gari gani, nani bado anadaiwa. Hizo tulizihamishia kwenye kadi kwanza, tukazifungua moja moja, ndipo tukafuta.

NEEMA: Mmefika ngapi?

LUSEKELO: Giga 4.0. Imebaki 0.8. Hapa ndipo mtu anaanza kufuta apu anazozihitaji, wakati kuna vitu viwili havionekani. Kwanza, mama akimtumia mteja wa Dar video ya viazi, simu inabaki na nakala mbili: aliyopiga kwa kamera, na ile WhatsApp iliyoibana ili itumike. Ya pili inakaa kwenye folda inaitwa `Sent`. Unafungua apu ya mafaili, unafuata njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Video/Sent
```

Tukapata giga 0.6. Pili, rudi nyuma mpaka folda ya `Databases`. WhatsApp inaweka bekapu ya meseji kila usiku na kutunza za siku 7 hivi. Kila moja ya mama ilikuwa karibu mega 180. Tukaacha ile `msgstore.db` isiyo na tarehe kwenye jina, ndiyo ya karibuni, tukafuta sita za nyuma. Giga 1.1 nyingine. Jumla 5.7.

NEEMA: Na imepita. Hukugusa apu hata moja?

LUSEKELO: Hata moja. Na hizi apu za kusafisha simu usiweke, nazo zinakaa kwenye nafasi hiyo hiyo na matangazo juu. Kingine cha kuogopa: ukiingia kwenye apu kufuta keshi, vitufe viwili vimekaa jirani. `Clear cache` haina neno. `Clear storage`, au `Clear data`, inairudisha apu kama siku ulipoipakua. Kuna kijana alibonyeza hiyo kwenye daftari lake la madeni ya duka. Madeni yakasamehewa yote, bila mwenyewe kupenda.

NEEMA: Pole yake! Sasa mlipakua pale pale?

LUSEKELO: Kupakua ndiyo, kwa Waifai yangu. Ila kuzima na kuwasha nilimwambia asubiri saa tatu usiku akishafunga hesabu, chaji iwe zaidi ya nusu, simu iwe kwenye waya. Ikiwaka itakuwa ya moto na nzito kwa muda, inazipanga apu upya. Mtu akiona hivyo asiseme imeharibika, aipe mpaka kesho yake.

NEEMA: Ikaisha salama.

LUSEKELO: Bado. Saa nne usiku ananipigia kwa simu ya mwanae. "Fundi, simu imewaka, lakini inakataa kidole changu."

NEEMA: Eh! Apdeti imefuta kidole?

LUSEKELO: Hapana. Simu ikijizima na kuwaka, mara ya kwanza haikubali kidole. Inataka namba au mchoro wako. Na mpaka uiweke, meseji za WhatsApp haziingii. Ukiiachia ijiwekee yenyewe usiku wa manane, unaweza kuamka hujapata ujumbe hata mmoja, ukadhani wateja wamekususa. Mama mwenyewe alikuwa anatumia kidole tu, simu ikidai mchoro anamwachia mwanae, kwa hiyo ameusahau.

NEEMA: Mungu wangu. Ukamwambia nini?

LUSEKELO: Nikamwambia asibahatishe, maana kila akikosea simu inamfungia muda mrefu zaidi. Akae, anywe chai. Mwanae ndiye aliyeuweka siku ya kwanza. Akaitwa kutoka kitandani, kachora herufi L, ikafunguka. Kabla sijakata simu nikamwambia mama auchore mara tatu nikimsikiliza.

NEEMA: Kumsikiliza akichora?

LUSEKELO: Alikuwa anahesabu kwa sauti, dada. Chini, chini, kulia.

NEEMA: Halafu umetutangazia mchoro wa mama wa watu redio nzima.

LUSEKELO: Ameshaubadilisha. Asubuhi ya leo, ndiyo maana nimechelewa.