Mifuko 46: maneno ya kufunga mwaka katika duka la vifaa vya ujenzi, Kariobangi

Habari za jioni, ndugu zangu. Kaeni karibu, sitawaweka sana. Najua wengine mna gari la usiku la kwenda nyumbani.

Asanteni. Mzee wetu wa stoo, wewe ndiye wa kwanza. Masika yale maji yalipoingia kupitia mlango wa nyuma wa duka, ulikuwa hapa kabla mimi sijapigiwa simu, unainua mifuko ya simiti na vijana wako. Dada wa kaunta naye, hakuna mteja aliyewahi kumwonyesha meseji ya M-Pesa kwenye simu yake mwenyewe akaondoka na misumari. Anangoja mpaka simu ya duka ilie. Wanamwita mgumu. Aendelee hivyo hivyo.

Sasa nataka tuzungumze juu ya simiti, kwa sababu malengo yangu ya mwaka ujao karibu yote yamo ndani yake.

Mwaka huu tumetupa mifuko 46 iliyoganda. Mfuko tunaununua shilingi 700, tunauuza 740. Faida ni 40, na bado hujamlipa kijana wa mkokoteni. Hiyo mifuko 46 ni shilingi 32,200. Ili kuzirudisha kwa faida ya 40, ni lazima tuuze mifuko 805. Trela la tani 28 hubeba mifuko 560. Basi hesabu wenyewe: tumebeba trela zima na karibu nusu ya lingine mabegani, bila kupata hata senti.

Mvua haikuharibu hata nusu ya hiyo. Tatizo ni kwamba stoo ina mlango mmoja. Mzigo mpya ukija unapangwa mbele, na mteja akija anapewa ulio karibu na mkono. Ule wa zamani unabaki nyuma, umeegemea ukuta, ukuta una unyevu, na simiti hunywa unyevu hata kutoka hewani. Ikipita miezi mitatu nguvu yake imeshapungua, hata kama mfuko kwa nje ni mzuri.

Kwa hiyo kuanzia Januari tutakuwa na safu mbili zenye njia katikati. Kila safu itaandikwa kwa chaki tarehe iliyoingia, na safu mpya haiguswi mpaka ya zamani iishe. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kiubavu, na isizidi 10 kwenda juu. Ya chini ikilaliwa sana hushikana, wateja wanadhani imeganda.

Hapo vijana wapya wasikilize. Mfuko ulioshikana tu, ukiuviringisha chini unalegea, na bonge lake ukilibana kwa vidole linakuwa unga. Huo ni mzima. Bonge likikataa vidole, limeshakunywa maji, na huo hauuzwi. Hata kwa nusu bei hauuzwi. Najua fundi atakuja aseme ni wa kuziba kishimo tu. Huwezi kumfuata kujua ameutia kwenye kishimo au kwenye nguzo. Hapa jirani Huruma jengo la ghorofa lilianguka Aprili 2016 na watu wengi wakafa. Sisemi lilianguka kwa simiti, lakini sitaki swali hilo liwahi kuulizwa kuhusu duka hili.

Jambo lingine ni ofa za Desemba. Msambazaji anatupunguzia shilingi 10 kwa mfuko tukichukua trela zima. Hiyo ni 5,600, inavutia. Lakini mafundi wamekwenda ushago, na Januari wenye nyumba wanalipa karo. Mzigo ule utakaa mpaka Februari. Ikiganda mifuko minane tu, ofa yote imekwisha. Desemba ijayo tutanunua kidogo kidogo, hata msambazaji akinuna.

Lengo basi ni hili: mifuko 46 ishuke isizidi 10, na mfuko wowote usilale stoo zaidi ya wiki sita. Tukifika hapo tutakuwa tumeokoa shilingi 25,200, na hizo nitawagawia nyinyi zote Desemba ijayo, mbali na bonasi ya kawaida. Si pesa nyingi tukigawana, najua, lakini ni zenu na mtaziona zikihesabiwa.

Madeni ya mafundi tutayazungumza siku nyingine, hiyo ni hadithi ndefu. Kwa sasa ni hili tu: hakuna kukopesha fundi kabla ya kumpigia mwenye mjengo akiri kwa mdomo wake.

Bahasha ziko kwa dada wa kaunta, kila mtu aweke sahihi. Tunafunga tarehe 23, na tarehe 2 Januari saa mbili asubuhi tunaanza na hesabu ya stoo, nyuma kwanza. Mzee atakuja na chaki.