Takwimu moja, familia moja: kuandika filamu ya kutetea mahudhurio ya wasichana

Mwenyekiti ameniomba nisirudie mhadhara wa mwaka jana. Nitajitahidi, ila skripti mnazoniletea ni zilezile, kwa hiyo lawama tugawane. Droni inapita juu ya mashamba, msichana anatembea na daftari kifuani, kinanda kinalia kwa huzuni, na ndani ya sekunde ishirini msimulizi ameshatumwagia asilimia tatu. Dakika ya pili ndipo tunamwona mama yake. Mtazamaji hana habari naye, kwa sababu bado anajiuliza ile asilimia ya pili ilikuwa ya nini.

Mtaniambia takwimu zinatia uzito. Zinatia uzito kwenye ripoti. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio ambalo kila mwandishi wa filamu za hisani angepaswa kulijua. Waliwajazisha watu dodoso, wakawalipa dola 5, kisha wakawapa barua ya kuombea shirika la Save the Children mchango. Kundi la kwanza lilisoma habari za Rokia, msichana wa Mali mwenye miaka saba, mwenye njaa. Kundi la pili lilisoma takwimu za njaa katika nchi kadhaa za Afrika. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu. Waliosoma takwimu tupu walitoa wastani wa dola 1.14, waliomsoma Rokia peke yake wakatoa 2.38. Hilo pengine mngelitabiri. Sasa lile kundi la tatu, ambalo ndilo filamu zenu zote, lilitoa 1.43. Namba hazikumwongezea Rokia kitu. Zilimpunguzia. Na katika jaribio jingine la utafiti huohuo, watu waliopigishwa hesabu kwanza, hesabu zisizohusu njaa wala Mali, walimpa Rokia pungufu. Akili ikishaanza kupiga hesabu, huruma inakaa pembeni.

Najua, najua. Ni Wamarekani, ni barua na si filamu, na jambo lenyewe ni njaa, si shule. Ndiyo maana sisemi mfute takwimu. Filamu isiyo na namba ina ugonjwa wake: mtazamaji anatoka ukumbini anataka kumnunulia yule mtoto begi, na tatizo limekwisha. Afisa elimu anatoka anasema, "Huyo ni mmoja, tutamshughulikia." Ninachosema ni kwamba filamu ya dakika sita inabeba namba moja, na namba hiyo itoke ndani ya familia mnayoionyesha, baada ya mtazamaji kukijua kitu kinachohesabiwa.

Mnaonifahamu mnajua sasa naileta ile rejista. Ndiyo, naileta.

Shirika moja dogo lilitaka filamu kuhusu wasichana wa sekondari katika milima ya mkoa wa Tanga. Kijana aliyeandika skripti ya kwanza alikuwa na kipaji, ila alianza na sentensi hii: "Asilimia 22 ya wasichana wetu wanapata mimba wakiwa shuleni." Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2022. Namba ipo kweli, na ni afadhali kuliko ile 27 ya 2015-16. Lakini inahesabu wanawake wote wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba hadi wakati wa utafiti. Ndani yake wamo walioolewa, waliomaliza shule, na ambao sekondari hawakuwahi kuiona. Ukisema "wakiwa shuleni" umewatungia wanafunzi kashfa, na wa kwanza kukupinga atakuwa mkuu wa shule aliyekupa ruhusa ya kupiga picha.

Sentensi yake ya pili ilisema wasichana hawaendi shule. Hapo nusura nicheke. Uandikishaji wa wasichana na wavulana katika shule za msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne unakaribiana, na wasichana si wachache kuliko wavulana. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali imefutwa tangu 2016. Ofisa yeyote anayekaa mbele ukumbini anazo hizo karatasi mkobani. Shida ni kwamba kuandikishwa si kuhudhuria, na takwimu za uandikishaji hazijui mtoto alikuwa wapi Alhamisi iliyopita.

Nani anajua? Mwalimu wa darasa. Basi tukamwomba rejista ya mahudhurio ya kidato cha pili, tukakaa naye ofisini, mkuu wa shule akiwa amekubali. Wengi wenu mnaisoma rejista kwa kulala, mstari wa mtoto mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mnajumlisha. Isomeni kwa kusimama. Shukeni na safu ya siku. Msichana tuliyemtaka kwa filamu alikuwa na alama ya kutokuwepo kila Alhamisi. Tukashuka: na huyu Alhamisi, na yule Alhamisi, wengi wao wasichana. Wavulana walikosa pia, lakini siku zao zimetawanyika, leo Jumatatu, kesho kutwa Ijumaa. Mwalimu mwenyewe alikuwa akijumlisha kwa mwezi, na kwa mwezi mtoto anayekosa siku nne haonekani wa ajabu.

Alhamisi ni siku ya gulio. Mama anauza viazi na karoti, anaondoka nyumbani alfajiri ili apate gari. Kuna mtoto wa miaka miwili, na gulioni hakuna pa kumweka. Anabaki na dada yake. Hakuna baba mlevi katika hadithi hii, samahani kwa waliomzoea, na hakuna mama anayechukia elimu. Pesa ya gulio ndiyo inayonunua sare na madaftari. Yaani mama anamtoa binti shuleni siku moja ili aweze kumweka siku nne, na anajua hivyo, alituambia mwenyewe bila kuulizwa.

Hatukuridhika haraka. Tulienda shule ya kata ya jirani, ambako gulio ni Jumamosi. Safu ya Alhamisi pale haikuwa na tofauti na siku nyingine. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuandika. Laiti safu ile ingekuwa imejaa alama za kutokuwepo kama ya kwanza, gulio lisingekuwa jibu na tungeanza upya.

Sasa namba. Siku moja kati ya tano za shule. Mtoto akikosa hivyo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, amepoteza sehemu moja ya tano ya miaka minne, karibu mwaka mzima. Hamhitaji mtafiti kwa hilo, mnahitaji vidole. Na ratiba ilikuwa na vipindi viwili vya hisabati siku hiyohiyo. Hakuna aliyepanga kwa ubaya. Ndivyo ratiba ilivyoangukia.

Skripti ikabadilika hivi, nawasomea safu ya picha na safu ya sauti:

Picha: usiku, mama anafunga magunia, taa ya simu mdomoni. Sauti: magunia, kikohozi cha mtoto. Hakuna msimulizi.

Picha: asubuhi, binti anafunga mtoto mgongoni kwa kanga, njiani wanapita wanafunzi wenye sare. Sauti: mmoja anamwita, yeye anajibu kwa mkono. Msimulizi: "Leo ni Alhamisi."

Picha: darasani, mwalimu anaita majina. Sauti: jina, "nipo", jina, "nipo", jina, kimya, jina, kimya.

Picha: kidole cha mwalimu kinashuka na safu ya rejista. Sauti, ya mwalimu mwenyewe: "Siku moja kati ya tano. Kwa miaka minne ni karibu mwaka mzima."

Basi. Hiyo ndiyo takwimu ya filamu nzima, na imekuja dakika ya tatu, ikisemwa na mtu anayeishika. Msimulizi anasema "katika shule hii", hasemi "nchini". Mhariri alitaka kuandika namba kubwa kwenye skrini juu ya uso wa binti. Nilikataa. Macho yakisoma, hayamtazami mtu.

Kuna mwenzetu hapo nyuma ameshainua mkono, na swali lake nalijua: mfadhili anataka asilimia. Mpe! Mpe kurasa mbili zenye majedwali, zigawiwe mlangoni. Mfadhili anasoma, hajawahi kushindwa kusoma. Filamu si mahali pa kuthibitisha kwamba ulifanya utafiti.

Na mkikopa namba, mjue mmekopa kwa nani. Ile ya msichana mmoja kati ya kumi Afrika anayekosa shule kwa sababu ya hedhi imezunguka kila filamu ya taulo za kike, ikitajwa kwa jina la shirika hili au lile la kimataifa, na ukiifuata nyuma hufiki kwenye utafiti ulioihesabu. Emily Oster na Rebecca Thornton walipofuatilia wasichana wa Nepal, katika utafiti waliouchapisha 2011, walikuta hedhi inawakosesha pungufu ya nusu siku kwa mwaka. Nepal si Lushoto, na taulo zina sababu zake hata kama mahudhurio hayabadiliki. Lakini kama hujafungua rejista ya shule yako, huna haki ya kusema ni hedhi, wala kusema si hedhi.

Waandishi wa mimba shuleni nao: tangu Novemba 2021 waraka wa elimu unamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi katika mfumo rasmi. Bado napokea skripti zinazosema amefukuzwa milele. Kama kuna shule inayomkatalia, onyesheni shule inayokiuka waraka. Hiyo ni filamu nyingine kabisa, na ni kali zaidi.

Muda umekwisha, naona. Idhini nilitaka niiseme kirefu. Kifupi: mzazi akubali, binti naye akubali peke yake, mama hayupo chumbani, na waulizwe tena baada ya kuona filamu ikiwa imehaririwa. Filamu itarudi kijijini kwa WhatsApp kabla haijafika kwa mfadhili. Beji ya shule ifichwe. Tulikata mandhari moja kwa sababu binti hakutaka wenzake waone wanakolala, na ilikuwa mandhari nzuri kuliko zote, ikaenda. Muziki naruka.

Mwisho wa filamu: ombi. Skripti ya kwanza ilisema "jamii ichukue hatua". Jamii ni nani, mnampigia simu ipi? Yetu iliomba mambo mawili kwa halmashauri: gulio lihamie Jumamosi kama kata ya jirani, au patengwe banda la kulelea watoto gulioni kwa siku ile. Gulio lipo chini ya halmashauri, ushuru wake unaukusanya wao, na mwenyekiti wao alikuwa amealikwa kwenye onyesho, kiti cha mbele. Maswali mawili tu.