Pointa za Gray kwenye FIFO ya Saa Mbili: Biti Moja tu Ndiyo Ivuke
Mhadhara kwa wanafunzi wa elektroniki, Mbeya

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na vijana habari za mchana. Mnajua nimekuja kusema nini, maana nimeshalisema hapa Mbeya, nikalisema Iringa, na nitalisema tena mwaka kesho nikiona bado watu wanavusha namba za binari kutoka saa moja kwenda nyingine. FIFO ni nini siwaelezi. Flipu-flopu mbili mfululizo za kupokea mawimbi ya saa ngeni nazo mnazijua. Niende kwenye pointa.

Chukueni kifaa kinachopima umeme wa mtambo mdogo wa maji, kama hii iliyopo kwenye milima ya Njombe. Kigeuzi cha analogi kinaleta sampuli kwa saa ya MHz 5, yaani sampuli moja kila nanosekunde 200. Upande wa pili unasoma kwa MHz 50, hatua moja kila nanosekunde 20. Katikati kuna FIFO ya nafasi 8. Pointa ina biti 4, si 3, kwa sababu biti ya juu inatutofautishia FIFO iliyojaa na iliyo tupu. Msomaji hachukui neno moja moja. Anatoa pointa yake kwenye pointa ya mwandishi, na akiona maneno yamefika 4 anayachukua kwa mkupuo.

Sasa mwandishi yuko 7, anakwenda 8. Kwa binari hiyo ni `0111` kwenda `1000`: biti zote nne zinageuka. Msomaji amesimama kwenye 5. Saa hizi mbili hazijuani, kwa hiyo iko siku ukingo wa saa ya msomaji utaangukia hapohapo biti zinapogeuka. Kila biti ina waya wake na ucheleweshaji wake. Moja inaonekana mpya, nyingine ya zamani, nyingine inaiyumbisha flipu-flopu ya kwanza, na ikitulia inaangukia popote. Msomaji anaweza kupata namba yoyote kuanzia 0 hadi 15.

Tuseme amepata `1111`. Kumi na tano toa tano ni kumi. Maneno kumi ndani ya FIFO ya nafasi nane! Yeye hashangai, anaona tu kwamba ni zaidi ya 4, anaanza mkupuo: nafasi ya 5, ya 6, ya 7, halafu nafasi 0, ambayo mwandishi hajaigusa bado. Mkupuo mzima unamalizika ndani ya nanosekunde 80, na mwandishi anahitaji 200 kuandika tena. Neno la nne ni takataka ya mzunguko uliopita.

Haliishii hapo, na hili ndilo ninalotaka mwondoke nalo kichwani. Msomaji sasa yuko 9, mwandishi yuko 8. Toa: nane toa tisa, kwa biti 4, ni 15. Pointa inayosomwa sasa ni sahihi kabisa, haiyumbi, lakini hesabu inasema kuna maneno 15. Kwa hiyo anachukua mkupuo mwingine, na mwingine. Ukingo mmoja mbaya umemfanya msomaji ampite mwandishi, na atazunguka akitoa takataka mpaka hesabu ya pointa ikae sawa tena. Ndiyo maana unasikia, "Mzee, kifaa kilifanya kazi vizuri tangu asubuhi, mchana kikaanza kutoa takwimu za ajabu." Wanabadilisha kigeuzi, wanabadilisha nyaya, wanalaumu umeme.

Frank Gray wa maabara za Bell alipewa hataza ya msimbo wake mwaka 1953, kwa kazi nyingine kabisa ya kugeuza analogi kuwa dijitali. Kwenye msimbo huo 7 ni `0100` na 8 ni `1100`. Biti moja tu imegeuka. Ukingo ukiangukia katikati, msomaji atapata 7 au atapata 8. Akirudisha kwenye binari na kutoa, anapata 2 au 3. Jibu la 2 limechelewa kidogo, lakini halimdhuru mtu: msomaji atasubiri, basi.

Najua kuna mtu anataka kunyoosha mkono. Pointa ya msomaji nayo inavuka kwenda kwa mwandishi, na msomaji ana kasi mara kumi. Kati ya kingo mbili za mwandishi, pointa ya msomaji inaweza kusogea hatua nyingi, kwa hiyo biti nyingi zimegeuka, Gray imesaidia nini? Swali hili naulizwa kila mahali, na ni swali zuri. Jibu: tusiangalie biti ngapi zimegeuka tangu mwandishi aangalie mara ya mwisho. Tuangalie biti ngapi zinageuka *wakati ule anapoangalia*. Zile za hatua zilizopita zimeshatulia. Iliyo njiani ni ya hatua ya mwisho tu, nayo ni moja.

Lakini jibu hilo lina sharti. Gray lazima itoke kwenye flipu-flopu zake yenyewe kabla ya kuvuka. Nimeona kazi nyingi mtu ameweka `assign wgray = wbin ^ (wbin >> 1);` na kuivusha hivyohivyo. Hapana! Biti nne za `wbin` zinageuka kwa pamoja, ila hazifiki kwenye XOR kwa pamoja. Biti ya 2 ya Gray ni `b3 ^ b2`. Kutoka 7 kwenda 8 inapaswa kubaki 1, ila `b2` ikishuka kabla `b3` haijapanda, inaporomoka kuwa 0 kidogo halafu inarudi. Msomaji akiikamata hapo, umerudi kwenye matatizo ya binari, na huku unajisifu kwamba una Gray. Andikeni hivi:

```verilog
always @(posedge wclk) begin
  wbin  <= wbin_next;
  wgray <= wbin_next ^ (wbin_next >> 1);
end
```

Inayovuka ni `wgray`, na kati yake na flipu-flopu ya kwanza ya upande wa pili pasiwepo geti hata moja.

Muda unanikimbia. Tofauti ya ucheleweshaji kati ya biti za pointa moja isizidi kipindi cha saa inayoituma. Kwa pointa ya msomaji hapa ni nanosekunde 20. Ikizidi, biti za hatua mbili zitakuwa njiani pamoja. Wanaotumia Vivado, `set_false_path` inanyamazisha ripoti tu, nyaya zitapita zinakotaka. Wekeni `set_max_delay -datapath_only` pamoja na `set_bus_skew`.

Ukubwa wa FIFO uwe 8, 16, 32, na kuendelea. Ya nafasi 6 pointa itatoka 11 kurudi 0, kwa Gray ni `1110` kwenda `0000`, biti tatu. Ya kuanzisha upya pande mbili nayaacha leo.

Na simulesheni ya kawaida haitawaonyesha kosa hili, kwa sababu humo biti zote hugeuka kwa wakati mmoja. Badala ya sampuli, ingizeni kihesabio kinachoongezeka kwa moja, na upande wa kusoma wekeni saketi inayolinganisha kila neno na lililotangulia. Iacheni bodi usiku kucha na mchana kutwa, baridi ya Juni ya hapa iipate na jua la mchana liipate, maana ucheleweshaji wa nyaya hubadilika na joto. Kihesabio kikiruka au kikirudi nyuma, nendeni moja kwa moja mkaangalie `wgray` inatoka kwenye nini.