Kwangu inafunguka

REHEMA: Haya tumerudi, na Bakari leo kanuna, mnasikia anavyopumua kwenye maiki.

BAKARI: Dada Rehema niache. Yani juzi nimechapisha makala, nimekagua nikaona imekaa sawa, nikafunga laptopu, mara meseji zinaanza, linki ya tatu haifunguki. Nabonyeza, inafunguka. Nikawajibu wote, kwangu inafunguka.

REHEMA: Wote?

BAKARI: Wote. Mmoja mpaka nikamwambia aangalie bando lake.

REHEMA: (anacheka) Maskini!

BAKARI: Kumbe ile linki niliikopi kwenye tabo ya rasimu, mwisho wake kuna `?preview=true`, na mi nimeshaingia kama mhariri kwahiyo naiona, msomaji anakutana na 404, ukurasa haupo.

REHEMA: Hali fiche Bakari! Unafungua dirisha la hali fiche, kule hujaingia akaunti yoyote, unabonyeza kama mpita njia.

BAKARI: Najua sasa. Mke wangu jana ananiambia mlango wa stoo umekwama, nikajikuta namjibu kwangu unafunguka.

REHEMA: Si ungetumia tu programu ya kukagua linki? Mi nairusha kwenye makala nzima, dakika moja, ikirudisha 200 linki ni nzima.

BAKARI: Hapo ndo sikubaliani na wewe. 200 maana yake seva imeleta ukurasa fulani, basi. Kuna tovuti ukurasa ukifutwa wanakupeleka ukurasa wa mwanzo, nayo inarudisha 200 vilevile. Mi niliandika takwimu, linki ikaangukia ukurasa wa mwanzo, programu yako ingepitisha. Lazima ufungue kwa mkono, utafute ile namba kwa `Ctrl+F`, usipoiona hiyo linki haithibitishi kitu.

REHEMA: Linki arobaini kwa mkono? Ya thelathini macho yamechoka unapitisha tu. Programu haichoki.

BAKARI: Haichoki ila haisomi.

REHEMA: Na wewe unasoma ila ulituma rasimu!

BAKARI: Hiyo hata programu yako ingeikosa kama ipo ndani ya brauza uliyoingilia akaunti.

REHEMA: Yangu inakaa nje ya brauza, ingeona 404 palepale. Sibadiliki.

BAKARI: Na mi sibadiliki.

REHEMA: Sawa bwana. Tulisema leo tutagusa pia vichwa vidogo, maelezo ya kwenye gugo, picha inayotokea ukishea...

BAKARI: Na simu, kuna jedwali langu la safu sita kwenye simu halisi safu mbili zilikatwa, kwenye laptopu nilipobana dirisha lilionekana zima...

REHEMA: Muda umeisha, dakika moja. Linki ya kipindi kilichopita ipo kwenye maelezo hapo chini.

BAKARI: Umeibonyeza?

REHEMA: Kwangu ina... subiri, subiri nitoke kwenye akaunti kwanza.