El Nino mbili, mvua mbili tofauti

Mabibi na mabwana, leo nina swali moja tu. Kwa nini El Nino ya 1997 na ile ya 2015, zilizokaribiana sana kwa nguvu, hazikuleta mvua sawa Afrika Mashariki?

Tuanzie Pasifiki. Kwa kawaida upepo wa Ikweta huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Husukuma maji ya moto hadi yakarundikana upande wa Indonesia, na usawa wa bahari huko huzidi ule wa pwani ya Peru kwa karibu nusu mita. Upepo ukilegea, maji hayo hurudi mashariki. Mawingu ya mvua hufuata joto, kwa hiyo nayo huhamia katikati ya Pasifiki, na Indonesia hubaki chini ya hewa kavu inayoshuka. Joto la eneo la kati likizidi wastani kwa nusu nyuzi kwa miezi kadhaa, hiyo ni El Nino. Mwishoni mwa 1997, na tena mwishoni mwa 2015, lilizidi kwa zaidi ya nyuzi 2.

Lakini Pasifiki iko mbali nasi. Habari zake hutufikia kupitia Bahari ya Hindi, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Hewa inaposhuka juu ya Indonesia, sehemu yake huvuma kuelekea Afrika. Upepo huo huyaburuta maji ya juu kuja magharibi, na pwani ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia upande wa mashariki wa bahari hiyo, maji baridi hupanda kutoka kilindini. Sasa joto liko upande wetu, unyevu unapanda upande wetu, na vuli inazidi kipimo.

Ndivyo ilivyokuwa 1997. Sumatra ilipoa sana, magharibi ikapata joto, na mafuriko yakaendelea hadi mapema 1998. Mwaka 2015 Bahari ya Hindi ilipata joto karibu yote, mashariki na magharibi pamoja. Tofauti kati ya pande hizo mbili ikawa ndogo, na vuli haikukaribia ile ya 1997. Walioitazama Pasifiki peke yake walitarajia makubwa zaidi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni wa 2019. Pasifiki haikuwa na El Nino ya kutajika, ila tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kupimwa. Mito ilifurika Afrika Mashariki.

Shida iko kwenye muda. El Nino yenye nguvu huweza kuonekana tangu katikati ya mwaka. Tofauti ya Bahari ya Hindi mara nyingi haieleweki vizuri hadi Agosti au Septemba, na vuli huanza Oktoba. Kwa hiyo utabiri wa Juni unaotaja El Nino pekee, usomeni tena Septemba, mkitafuta umesema nini kuhusu maji ya Sumatra.