Saa, tarehe na sahihi: kutafsiri jarida la shule kwa wazazi Wakongomani

Shikamooni wazee, na nyie wenzangu mnaotafsiri barua za shule huku Marekani karibuni. Leo nataka tuone kwa nini mzazi anakosa kikao wakati barua ameipata na imeandikwa Kiswahili.

Wazazi wengi tunaowaandikia wametoka Kivu na Katanga, wengine wamepitia kambi ya Nyarugusu au Kakuma, yaani Kiswahili wanacho ila sio lazima kiwe cha vitabu vya Dar. Sasa chukua tangazo la kikao, Jumatatu 10/6, 5:30 PM. Ukiandika "saa 5:30" kuna atakayesoma saa tano na nusu, huo ni karibu mchana. Ukiandika "saa kumi na moja na nusu" umepatia, lakini aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa ataelewa 11:30. Tarehe nayo, huku 10/6 ni Oktoba 6, ila aliyesoma Kongo anaanza na siku, kwake hiyo ni Juni 10. Na hiyo Jumatatu, mtu anayehesabu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu anaweza kuja Jumatano! Mi naandika hivi: "Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, Oktoba 6, jioni. Simu yako itaonyesha 5:30 PM." Simu anayo mkononi, hapo hakuna ubishi.

Fomu za ruhusa ndo zinaumiza zaidi. Ya safari ni rahisi, usiposaini mtoto anabaki. Ya picha shule nyingi zimeigeuza, unasaini kama HUTAKI mtoto apigwe picha. Ukiitafsiri neno kwa neno, "saini na urudishe fomu hii iwapo hutaki", mama anaona mstari wa sahihi anasaini, maana karatasi ya shule anajua inasainiwa, halafu mtoto anatolewa kwenye picha ya darasa na mama anabaki anashangaa wamemkosea nini. Igawe: "Unakubali picha? Usisaini, karatasi ibaki nyumbani. Hutaki? Saini, irudishe kabla ya Ijumaa." Na hizo fomu mbili zisikae ukurasa mmoja, iombeni shule izitenganishe.

Kabla haijachapwa mpe mzazi mmoja aisome, lakini usimuulize "umeelewa?" kwa sababu kwa heshima tu atasema ndio. Muulize "sasa utafanya nini, na lini?" Akisita mahali, hapo ndo pa kurekebisha.

Kwenye sheria, hasa barua ya mtoto kusimamishwa, asitumwe mtoto mwenyewe kumsomea baba yake jamani, shule itafute mkalimani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iko upande wa mzazi hapo.

Na asiyejua kusoma mrekodie sauti WhatsApp, isizidi dakika moja, anza na cha kufanya na siku ya mwisho, maelezo mengine yafuate.